Lenzi za siku moja au za mwezi? Hesabu ya mvaaji wa harusi na Idi

MAMA mmoja wa Magomeni, Bagamoyo, alinijia msimu uliopita wa harusi akiwa amembeba mkononi, kwa maana ya kumshika, binti yake wa miaka 24. Jicho la kushoto la binti lilikuwa jekundu, linatiririka machozi, na hawezi kabisa kutazama mwanga wa dirishani. Mama akaniuliza kama ninajua dawa ya matone ya kununua pale dukani. Nikamuuliza binti swali moja tu: unavaa lenzi? Akajibu, "Navaa, lakini kwa mwaka hata siku arobaini hazifiki."

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Binti yule aliamini kwamba kwa kuwa anavaa mara chache, hatari yake ni ndogo na gharama yake ni ndogo. Kwa aina ya lenzi aliyokuwa akitumia, yote mawili hayakuwa kweli. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anayevaa lenzi mara mojamoja, kwa harusi, Idi na safari, anunue zile za siku moja na azitupe jioni. Za mwezi zimwachie anayevaa karibu kila siku.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Lenzi ni kile kigozi laini cha plastiki, kinachoona kama maji, kinachokaa juu ya kioo cha mbele cha jicho badala ya miwani. Lenzi za mwezi huvaliwa mchana, usiku huvuliwa, husuguliwa kwa maji yake maalumu ya dawa na kulazwa kwenye kikasha mpaka kesho. Baada ya mwezi hutupwa. Lenzi za siku moja kila moja iko kwenye kipakiti chake kilichofungwa. Unafungua asubuhi, unavaa, jioni unatupa. Hazina kikasha wala maji ya kusafishia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watu wa mjini. Sivyo. Dada anayevaa nikabu anajua jinsi miwani inavyoingia ukungu kila anapopumua, hasa katika joto letu la pwani. Bibi harusi hataki miwani siku ya kuingia ukumbini. Basi wengi wana miwani ya kila siku, na lenzi za siku maalumu. Hawa ndio ninaozungumza nao.

MWEZI NI WA KALENDA

Binti yule alinunua lenzi za mwezi kwa sababu alipiga hesabu hii: lenzi ya mwezi ni siku 30, mimi navaa kama siku 34 kwa mwaka, basi jozi moja itanitosha karibu mwaka mzima. Hesabu ni nzuri, ila msingi wake ni mbovu. Siku 30 za lenzi ya mwezi huanza kuhesabiwa siku unapofungua kipakiti, uvae usivae. Ukiivaa mara mbili tu kisha ikalala kikashani wiki nne, muda wake umekwisha. Kilichoisha ni usalama wa lenzi iliyokwisha kufunguliwa, kugusa jicho, kunasa uchafu wa machozi na kulowekwa.

Na maji ya dawa nayo yana tarehe mbili. Ya kwanza imechapwa kwenye chupa, hiyo ni kwa chupa iliyofungwa. Ya pili huanza siku unapoivunja lakiri. Chupa nyingi huandikwa zitupwe baada ya siku 90 tangu kufunguliwa, hata zikiwa zimebaki nusu. Soma chupa yako. Kwa anayevaa kila siku, chupa humalizika kabla ya hapo. Kwa anayevaa mara chache, chupa huwa inazeeka kabatini.

Sasa tupige hesabu sawasawa. Bei nitakazotumia ni za mfano tu ili tufuate hesabu. Wewe weka zile utakazotajiwa na duka lako la miwani. Tuseme kasha la lenzi 30 za siku moja ni shilingi 90,000, yaani kila lenzi 3,000, na jozi ya siku moja 6,000. Tuseme lenzi moja ya mwezi ni 15,000, jozi 30,000. Na chupa ya maji ya dawa 35,000.

Binti wetu tulikaa naye tukahesabu siku zake kwenye kalenda. Idi mbili, siku tatu tatu: siku 6. Harusi tisa, kila moja siku ya nikaha na siku ya walima: siku 18. Maulidi na mahafali: siku 4. Safari za Dar es Salaam: siku 6. Jumla siku 34. Kwa lenzi za siku moja, 34 mara 6,000 ni shilingi 204,000 kwa mwaka.

Kwa lenzi za mwezi, siku hizo 34 zilitawanyika katika miezi tisa tofauti. Akifuata masharti, lazima afungue jozi tisa: 270,000. Na chupa za maji, kwa siku 90 kila moja, zinamhitaji nne: 140,000. Jumla ni 410,000, mara mbili ya zile za siku moja. Yeye alitumia 65,000 tu, jozi moja na chupa moja. Lakini ile 65,000 haikuwa bei ya lenzi za mwezi. Ilikuwa bei ya kuvaa lenzi iliyokwisha muda kwa miezi kumi na moja.

Mpaka uko wapi? Kwa bei hizi za mfano, mtu anayetumia lenzi za mwezi miezi yote kumi na miwili hutoa 360,000 za lenzi na, kwa uchache, 140,000 za maji. Hiyo ni 500,000. Igawe kwa 6,000, unapata siku 83 na ushee. Yaani kama siku saba kwa mwezi. Chini ya hapo, za siku moja ni nafuu. Ukivuka hapo, za mwezi zinaanza kukufaa, na anayevaa kila siku hana haja ya kujiuliza: kwa bei hizo za siku moja zingemgharimu zaidi ya milioni mbili kwa mwaka.

Nitaeleza na upande wa pili ili nisiwe mwenye kupunja mizani. Harusi zetu hazitawanyiki sawa. Hujazana mwezi wa Shaabani kabla ya kufunga, na Mfunguo Mosi baada ya Idi. Tuseme binti anavaa siku 9 katika kila mmoja wa miezi hiyo. Jozi mbili na chupa moja inayokaa siku 90 ni 95,000, ilhali za siku moja kwa siku 18 ni 108,000. Hapo za mwezi zimeshinda kwa 13,000. Lakini katikati kuna Ramadhani nzima ambayo chupa imekaa wazi na kikasha kimekaa, na usiku kumi na nane wa kusugua na kuloweka. Mimi sioni kama 13,000 inalipa kazi hiyo.

LENZI INAYOISHI KIKASHANI

Tukija kwenye usafi, hapa ndipo mvaaji wa mara chache anapojidanganya zaidi. Anadhani hatari iko katika kuvaa. Lakini lenzi yake ya mwezi inavaliwa siku mbili na kulala siku ishirini na nane. Makazi yake hasa ni kikashani, na kikasha chenye unyevu, kilichofunikwa, kikakaa bafuni katika joto la Bagamoyo, ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana. Hujenga utando mwembamba wenye utelezi kwenye kuta za kikasha, na utando huo huwakinga na dawa. Ukipitisha kidole ndani ya kikasha ukahisi ulaini kama wa ndani ya ndoo iliyokaa na maji, huo ndio utando wenyewe.

Nilimwomba binti aniletee kikasha chake. Kilikuwa na utelezi, na kwenye nyuzi za kifuniko kulikuwa na weusi. Nikamuuliza anavyokisafisha. Akasema hukisuuza kwa maji ya bomba, na maji ya dawa huwa hayamwagi yote, anaongezea juu ili yasiishe haraka.

Makosa hayo mawili yana historia. Mwaka 2006 yalizuka maradhi ya ukungu wa machoni kwa wavaaji wa lenzi huko Singapore, Hong Kong na Marekani. Marekani pekee walithibitishwa wagonjwa 164. Wengi walikuwa wakitumia maji ya lenzi aina moja ya kampuni ya Bausch & Lomb, na kampuni iliyaondoa sokoni duniani kote mwaka huohuo. Wachunguzi walipowahoji wagonjwa waligundua jambo jingine: wale waliokuwa na tabia ya kuongezea maji mapya juu ya ya zamani walikuwa katika hatari zaidi. Dawa ikishafanya kazi usiku mmoja imechoka. Ukiichanganya na mpya unaidhoofisha mpya.

Ama kuhusu maji ya bomba, tusidanganyike na usafi wa kunywa. Maji yanayotufikia kutoka mtambo wa Ruvu Chini yametiwa klorini, na klorini huua bakteria wengi. Lakini yupo kijidudu cha jamii ya amiba, kiitwacho akantamiba, kinachoishi katika maji na udongo. Kikiona hali ngumu hujifungia ndani ya gamba, na gamba hilo huvumilia klorini. Ukinywa hakikudhuru. Kikinaswa chini ya lenzi, kwenye kioo cha jicho chenye mkwaruzo mdogo, hula kioo hicho taratibu, kwa maumivu makali, na matibabu yake huchukua miezi. Sasa fikiria maji hayo yamekaa kwenye simtanki wiki mbili, au ni ya kisima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ulioongozwa na wataalamu wakiwemo wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, ulilinganisha wagonjwa wa kijidudu hiki na wavaaji wengine wa lenzi. Wanaorudia lenzi, zikiwemo za mwezi, walionekana kuwa na uwezekano wa kuugua karibu mara nne ya wanaotumia za siku moja. Kuoga na lenzi machoni nako kuliongeza uwezekano zaidi ya mara tatu. Na hao ni watu wa London, si wa simtanki.

Hata hivyo nisikupe picha kwamba lenzi za siku moja hazina ubaya. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba maambukizi ya vijidudu kwenye kioo cha jicho kwa wavaaji wa mchana ni watu wapatao 2 katika kila 10,000 kwa mwaka, na za siku moja hazikuwa pungufu kwa idadi. Kilichopandisha idadi hiyo kama mara kumi ni kulala nazo. Kwa hiyo lenzi ya siku moja inakuondolea kikasha na chupa. Haikuondolei mikono michafu wala usingizi.

UDHU NA MAJI YA USONI

Sisi hunawa uso mara tano kwa siku, na swali hili huulizwa sana: lenzi inazuia udhu? Kinachopasa kuoshwa katika udhu ni uso wa nje. Kuosha ndani ya jicho hakukuwajibishwa, basi lenzi haikuzuii, wala katika josho. Suala lililobaki ni la afya. Ukitia udhu na lenzi machoni, fumba macho barabara, paka maji bila kuyarusha machoni, kisha ufute kope kwa kitambaa safi kabla ya kuzifumbua. Josho na kuoga kwa kujimwagia ndoo, vua kwanza.

Hapa utaona manufaa ya lenzi ya siku moja. Siku ya harusi binti anatia udhu wa Adhuhuri, ananawa mikono kwa sabuni, anaikausha kabisa kwa taulo lisiloacha manyoya, kisha anavaa lenzi mpya. Usiku anaporudi anatupa. Akiingia maji ya bahari pale ufukweni, au vumbi la barabara ya Mapinga likimwingia akiwa kwenye bodaboda, anaivua na kuitupa, ameshapoteza 3,000. Mwenye lenzi ya mwezi hapo huanza kujiuliza: nina maji ya dawa? Mengi hupatikana maduka ya miwani ya Dar es Salaam, na usiku wa mkesha wa harusi hakuna atakayepanda daladala kufuata chupa. Ndipo watu hutumia maji ya bomba, mate, au maji ya chumvi ya kuchanganya nyumbani. Yote matatu ni hatari.

Zingatia masharti ya hii ya siku moja, maana hesabu yote inasimama juu yake. Majimaji yaliyo ndani ya kipakiti chake ni ya chumvi tu ya kuilainisha, hayana dawa ya kuua vijidudu. Ukiivua ili ulale kidogo Alasiri, usiirudishe. Anayeiloweka "nitavaa na kesho" amejirudisha kwenye kikasha, tena kibaya zaidi ya cha mwezi.

Na kabla ya kununua, jua kwamba kila kasha ni la namba moja. Macho yako yakiwa na namba tofauti utalazimika kununua makasha mawili, yaani 180,000 kwa mara moja kwa bei zetu za mfano. Ni fedha nyingi kutoa kwa mkupuo, lakini zinakupa siku 30, na vipakiti visivyofunguliwa hukaa mpaka tarehe iliyochapwa. Pia namba ya miwani si lazima iwe namba ya lenzi, na mviringo wa jicho hupimwa. Usinunue saluni, na usiazime lenzi ya rangi ya bibi harusi mwenzako. Wenye jicho lenye kasoro kubwa ya mviringo huenda wasipate namba yao katika za siku moja. Hao watumie za mwezi, wakifuata masharti yote.

JE, SI ISRAFU?

Baba mmoja aliponisikia nikieleza haya alisema: kutupa kitu kila siku si israfu? Nikamwambia, israfu ni kupita kiasi cha haja. Haja ya binti ni siku 34. Lenzi za siku moja anatupa jozi 34 alizozitumia kwa 204,000. Za mwezi, akifuata sheria, anatupa jozi tisa ambazo hakuzitumia robo ya muda wake, pamoja na chupa ambazo hazijafika nusu, kwa 410,000. Mwenye kupoteza hapo ni nani? Taka zake tu asizitupe chooni. Kipakiti na lenzi viende kwenye pipa.

Turudi kwa binti. Sikumpa jina la dawa. Nilimwambia avue lenzi, asivae tena, achukue lenzi na kikasha chake aende hospitali siku ileile. Daktari alikuta kidonda cheupe kwenye kioo cha jicho. Alitiwa matone ya dawa kila saa, usiku na mchana, kwa siku za mwanzo. Jicho lilipona, alhamdulillah, lakini pamebaki kovu, na kwa jicho hilo maandishi madogo ya msahafu huyaona kama yako nyuma ya pazia.

Basi mwenye kuvaa lenzi ashike dalili hizi: jicho kuwa jekundu, kuuma, kuogopa mwanga, kuona ukungu, au doa jeupe juu ya sehemu nyeusi. Ukivua lenzi na dalili zikabaki, usingoje kesho. Nenda hospitali ya wilaya, nao wakiona haja watakupeleka Muhimbili au CCBRT. Usiweke asali, usiweke maziwa ya mama. Zaidi ya yote, usinunue dukani matone yenye dexamethasoni. Huondoa wekundu, ukadhani umepona, kumbe ukiwa na ukungu au amiba umewapa nafasi ya kula jicho kwa utulivu.

Aliye na lenzi za mwezi nyumbani leo, aziangalie kabla ya harusi ijayo. Kama hakumbuki alizifungua lini, azitupe pamoja na kikasha na chupa, na avae miwani yake mpaka atakapopata za siku moja.